"Explain me" na "suggest me": kwa nini Kiingereza kinakataa wakati Kiswahili kinakubali

*"Mwalimu shikamoo. Mimi naongoza watalii hapa Moshi, nina kampuni yangu ndogo. Mteja mmoja wa Marekani ameniambia kwa upole kwamba 'explain me' na 'suggest me' siyo Kiingereza sahihi. Mbona 'give me', 'tell me' na 'show me' ni sahihi? Rafiki yangu mmoja kasema niweke 'to' kila mahali, mwingine kasema niandike 'explain for me'. Nimebaki nimechanganyikiwa, na imeili naandika kila siku. Tofauti ni nini hasa, na nitajuaje kitenzi gani kinakataa? Nimeambatisha imeili niliyomwandikia uione."*

Marahaba ndugu yangu. Naomba nianze na kitu ambacho unakijua tayari, ila hakuna mtu aliyewahi kukufundisha. Sema hii sentensi kwa sauti: "Mwalimu, naomba unifafanue hili swali." Umesikia ilivyokwaruza? Umeelewa mtu anataka nini, lakini sikio limekataa, kwa sababu ukisema "unifafanue" ni kama mimi mwenyewe ndo fumbo linalotakiwa kufafanuliwa. Kilichotakiwa ni "unifafanulie". Kale kamwisho ka "-lia" ndo kanakokuja kusema kwamba kinachofafanuliwa ni swali, na mimi ni mtu ninayepelekewa huo ufafanuzi.

Sasa yule mteja wako aliposoma "explain me" alisikia mkwaruzo huohuo. Kwenye sikio lake ulimwambia "nifafanue mimi".

Kwa nini basi wewe hukusikia kitu? Kwa sababu wakati unaandika ulikuwa unawaza kwa "eleza", siyo kwa "fafanua", na "eleza" kwetu ni kitenzi kikarimu sana, kinampokea mtu moja kwa moja bila kuongezewa chochote. Tunasema "nieleze", tunasema pia "nielezee", zote zinapita na hakuna anayeshtuka. Ukaichukua "nieleze" ukaihamisha kama ilivyo, "ni" ikawa "me", "eleze" ikawa "explain", na ukawa na uhakika kabisa kwamba uko sahihi. Ndo maana wanafunzi wangu nawaambia kila ukigusa "explain" kichwani mwako weka "fafanua", acha "eleza". Ukikuta unasema "nifafanue" sikio la Kiswahili lenyewe litakupigia kengele kwamba hapa kuna kitu kimepungua.

Na hii ni zaidi ya "explain". Chukua "pendekeza". Wakikwambia "kwenye kikao wamekupendekeza" unajua jina lako limetajwa, labda unapewa uenyekiti. Wakikwambia "wamekupendekezea" unasubiri kusikia ni kitu gani. Herufi moja tu hapo mwishoni na maana imegeuka kabisa. "They suggested me" kwa Kiingereza ni ile ya kwanza, mimi ndo jina lililotolewa, na kwa maana hiyo ni Kiingereza safi. "They recommended me for the job" vilevile, wamenipendekeza kwenye kazi. "Describe me" nayo ipo na ni sahihi, ila maana yake "sema mimi nikoje". Kwa hiyo usije ukadhani haya maneno hayaruhusiwi kukaa pamoja, yanakaa vizuri tu, tatizo ni kwamba yanasema jambo ambalo wewe hukutaka kusema.

Sasa tuingie kwenye mtambo wenyewe. Sisi tuna kauli ya kutendea, yaani hiyo "-ia, -ea, -lia, -lea" tunayoibandika mwisho wa kitenzi, na karibu kila kitenzi kinaikubali. Pika inakuwa pikia, soma somea, chukua chukulia, na hata kitenzi kilichoingia juzi kutoka mtandaoni tunakibandika tu, mtu anasema "nidaunlodie hiyo video" na hakuna anayeomba ruhusa. Waliosoma sarufi sekondari, hasa Kenya, watakumbuka shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, kile kitu kinachotendwa na yule mtu anayetendewa. Kwetu kitondo kinaweza kuingia kwenye karibu kila kitenzi kwa mlango huo mmoja, na huo mlango uko wazi muda wote.

Kiingereza hakina hicho kibandiko. Chenyewe kina njia mbili za kumwingiza huyo mtu. Njia ya kwanza unataja kitu kwanza halafu unamleta mtu kwa "to", kama "give the key to me". Njia ya pili unamweka mtu palepale baada ya kitenzi halafu kitu kinafuata, "give me the key". Njia ya kwanza iko wazi kwa vitenzi vingi sana vya kupeleka kitu au habari kwa mtu. Njia ya pili ina mlinzi getini, na mlinzi ana orodha. "Give" yumo, "send" yumo, "show", "tell", "teach", "lend", "bring", wote wanapita. "Explain" hayumo. "Suggest" hayumo, "describe" hayumo, "mention", "report", "announce" na "say" hawamo.

Kwa hiyo swali lako la "mbona give me ni sahihi" jibu lake ni kwamba "give me" haiwezi kuwa shahidi wa kitenzi kingine. Kwetu ukijua "niletee" unaweza kutengeneza "nipikie" bila kumuuliza mtu, kwao hilo halipo, kila kitenzi kinajibu chenyewe.

Kuna watu wanadhani labda ni suala la vitenzi vya kusema, kwamba vya kutoa kitu vinakubali na vya kuongea vinakataa. Hapana, maana "tell me" inakubali na "say me" inakataa na vyote ni vya kuongea. Na hapa nina mfano wa Kiswahili ambao ukiushika utakusaidia miaka yote. Linganisha "aliniambia" na "alinisema". Ukisema "jirani alinisema" maana yake alinisengenya, au alinigombeza. Huwezi kutumia "alinisema" kuleta ujumbe, lazima uhamie kwenye "aliniambia". "Say" na "tell" ni hivyohivyo kabisa, "say" ni sema, "tell" ni ambia. Na ukiichungulia hiyo "ambia" yenyewe utaona ndani yake kuna kitenzi cha zamani "amba", maana yake kusema, kilichobandikwa "-ia". "Amba" yenyewe siku hizi haitembei peke yake, tumebaki nayo kwenye "kwamba" na "ambaye". Yaani "ambia" imeshambeba mtu tumboni, ndo maana bila mtu haikai, na "tell" pia mara nyingi sana inataka kusikia unamwambia nani.

Sasa kwa nini mlinzi anamruhusu "tell" na "show" lakini "explain" na "suggest" anawarudisha? Sehemu kubwa ya jibu ni historia. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walikuwa wanaongea Kifaransa na wasomi wanaandika Kilatini. Maneno ya lugha hizo mbili yakamiminika kwenye Kiingereza, na yaliendelea kuingia karne baada ya karne. Vitenzi vya zamani vya wenyeji, vile vifupi vya nyumbani na shambani, vilikuwa na ile njia ya pili tayari. Vitenzi vya wageni vingi viliingia na njia ya kwanza tu. "Explain" imetoka kwenye Kilatini "explanare", maana yake kusawazisha, kulifanya jambo liwe tambarare. Na mimi hiyo picha naipenda sana darasani kwa sababu inasema yote, unayemsawazishia ni mtu lakini kinachosawazishwa ni jambo.

Utaniuliza, je Mwingereza wa kawaida anajua hizo habari za Kilatini? Hajui, na hahitaji. Fikiria watoto wetu. Mtoto wa miaka minne anasema "baba aende", "mama apike", mwisho unageuka kuwa "-e". Lakini akifika kwenye jibu, fikiri, safiri, anasema "baba ajibu", "baba asafiri", mwisho haugeuki. Hivyo ni vitenzi vyenye asili ya Kiarabu na vimekuja na tabia zao, lakini mtoto hajui Kiarabu wala hajui kwamba vimetoka huko, anasikia tu mwisho wa neno anaelewa hili ni la kundi lile. Mwingereza naye anasikiliza mkazo. Vitenzi vya njia ya pili vingi ni vya silabi moja, give, send, show, tell, teach, bring, au mkazo uko silabi ya kwanza, kama "offer" na "promise", ambavyo "offer me" na "promise me" ni sahihi. "Explain", "suggest", "describe", "announce", "report" vyote mkazo uko nyuma, unaanza kimyakimya halafu unapiga mwishoni. Ukitamka kitenzi ukasikia hivyo, kishuku.

Nasema kishuku, sijasema kihukumu. "Guarantee" mkazo uko mwisho kabisa na "they guaranteed me a refund" inapita. "Assign" nayo inapita, "they assigned me a driver". Na upande mwingine "say", "shout" na "whisper" ni vya asili na vifupi na vinakataa, kwa sababu vinaelezea maneno yenyewe au sauti ilivyotoka zaidi kuliko habari kumfikia mtu. Kwa hiyo mkazo ni kama wingu jeusi, unabeba mwavuli lakini unaweza kutembea hadi nyumbani na mvua isinyeshe.

Tuje kwa "suggest", maana huyu ni mgumu kuliko "explain", na wengi wakisharekebisha "explain" wanadhani wamemaliza. "Suggest" ana matatizo mawili tofauti. La kwanza ni pale unapopendekeza kitu, kama hoteli au njia. Wengi wakiambiwa "suggest me a hotel" ni kosa wanakimbilia "suggest a hotel to me". Kisarufi imepona, lakini msikilize Mwingereza mwenyewe, kwa kawaida anasema tu "Can you suggest a hotel?" na yule "me" anamwacha kabisa, kwa sababu ni nani mwingine anayetafuta hoteli zaidi ya mimi ninayeuliza. Najua hapa sisi tunapata shida ya moyo. "Unaweza kupendekeza hoteli?" kwetu inasikika kavu, kama swali la ofisini, tunataka "nipendekezee" kwa sababu ile "ni" na ile "-ea" zinaleta ukaribu, ni kama kuomba kwa adabu. Kiingereza adabu yake kaiweka kwingine, iko kwenye "could you", "would you", kwa hiyo "Could you suggest a hotel?" ina adabu yote unayoitaka bila "me".

Hapohapo nikugusie "recommend", maana hapa nisikudanganye. "Can you recommend me a good restaurant?" utaisikia kwa Waingereza wenyewe, tena wasomi, hasa wakiongea. Wengine hawaipendi na kwenye maandishi inakaa vibaya. Ushauri wangu ni kwamba ukiisikia usimsahihishe mtu, ila wewe andika "recommend a good restaurant" basi, hakuna wa kukugusa.

Tatizo la pili la "suggest" ni pale unapopendekeza mtu afanye jambo. Wengi wanaandika "I suggest you to use this route", na hili kosa linatokana na kufananisha na "I advise you to use" na "I want you to use", ambazo ni sahihi. Lakini safari hii Kiswahili kiko upande wako, kumbe muda wote ulikuwa na jibu. Angalia: "napendekeza utumie njia hii." Pale hakuna "ku" ya "kutumia", kuna "utumie", na ile "u" ni mtendaji wa kutumia, haihusiani na napendekeza. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: "I suggest you use this route." Yule "you" ni "u" ya utumie. Ndo maana "suggest you" ukiiona imeandikwa na mtu anayejua lugha usishtuke ukadhani sheria imevunjwa, angalia kinachofuata baada ya "you", kama ni kitenzi kitupu kisicho na "to" basi iko sawa. Na ukitaka kuwa na uhakika weka "that" katikati, "I suggest that you use", ikikubali kuingia umepona. Kwa mtu wa tatu ni "the doctor suggested that she rest for two days", ni "rest" tupu bila "-s" ya sasa wala "-ed" ya jana, kama sisi tunavyosema "daktari alipendekeza apumzike", tunatumia "apumzike" hiyohiyo iwe ni leo au mwaka jana.

Rafiki yako wa "explain for me" namwelewa sana. Ile "-ia" yetu inabeba kazi mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha. "Niletee" ni kuleta kwangu, na "nipikie" ni kupika kwa ajili yangu, kibandiko ni kilekile. Kwa hiyo mtu akiambiwa hapa panakosekana kitu anachagua "for" au "to" kama anarusha shilingi. "For" ni pale mtu anakupunguzia kazi au anafanya kwa faida yako, "cook for me", "carry it for me". "Explain for me" utaisikia sana kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, ila msikilizaji wa nje anaweza kuelewa kwamba unaomba aende akamweleze mtu mwingine kwa niaba yako. Maelezo yanasafiri kwenda kwa mtu, tumia "to". Na yule wa kwanza aliyesema uweke "to" kila mahali, nusu yuko sahihi, ila ukimfuata hadi mwisho utaandika "tell to me" na "ask to me", na hayo ni makosa mapya.

Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wana mzigo mara mbili, kwa sababu kama walisoma kwa Kifaransa wamezoea pia "expliquez-moi", ambayo kwa Kifaransa ni sahihi kabisa. Lugha mbili zinamsukuma mtu upande mmoja, mwache akosee, ila ajue nani anamsukuma.

Kuna sehemu moja hili kosa linajificha hata kwa watu wanaoandika Kiingereza kizuri sana, nayo ni kauli ya kutendwa. Sisi tunasema "nilielezwa kwamba", ni Kiswahili fasaha, magazeti yanaandika kila siku. Mtu anaitoa kama ilivyo, "I was explained that". Ukikumbuka mtambo utaona kwa nini haiwezekani: kama "explain" hawezi kumweka mtu mbele yake moja kwa moja, basi huyo mtu hawezi kuvutwa na kukalishwa mwanzo wa sentensi. Kinachoelezwa ni jambo, kwa hiyo jambo ndo litakaa mwanzo, "the rules were explained to me" au "it was explained to me that". Kwa wepesi, "I was told". Vivyo hivyo "I was suggested to see a doctor" haipo, sema "I was advised to see a doctor", kwa sababu "advise" anampokea mtu vizuri. Kwetu pia tunasema "nishauri" bila kubandika ile "-ia", na "nikumbushe" na "nijulishe" ziko hivyohivyo, na kwao ni "advise me", "remind me", "inform me". Ila hao nao kile kitu cha pili hawakipokei hivihivi, utasema "inform me of the date" na siyo "inform me the date".

Haya, imeili yako. Uliandika hivi:

> Thank you for choosing us. Please explain me your plan. My office explained me that you have seven days so I suggest you to use Machame. I can also suggest you a good hotel in Moshi. I was explained that you do not eat meat, so describe me what you like.

Ukirekebisha kwa kuweka "to" tu, sentensi ya kwanza itakuwa "please explain your plan to me", na sarufi imenyooka. Lakini mimi nisingeiacha hapo. "Explain" ni nyembamba kuliko "eleza". "Eleza" kwetu inabeba hadi kusimulia na kupashana habari, wakati "explain" ni kuweka wazi kitu kigumu au kutoa sababu. Ukimwambia mteja "explain your plan" inaweza kusikika kama unamtaka ajitetee kwa nini kapanga hivyo. Ulichotaka ni akupe habari za safari yake, na hiyo ni "tell me about your plan". Nakwambia ukweli, "explain" nyingi ninazozikuta kwenye imeili za watu wetu zilitakiwa ziwe "tell", na ukizigeuza tatizo la "me" linakufa lenyewe kwa sababu "tell me" anaruhusiwa getini. Ofisi nayo haikukufafanulia kwamba mteja ana siku saba, ilikuambia, kwa hiyo "my office told me". Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro kwa siku saba ni pendekezo zuri, mwili unapata muda wa kuzoea kimo, lakini ondoa "to": "I suggest you use the Machame route". Hoteli, ondoa "you". Nyama, ondoa "I was explained". Inakuwa hivi:

> Thank you for choosing us. Could you tell me a little about your plan? My office told me that you have seven days, so I suggest you use the Machame route. I can also recommend a good hotel in Moshi. I understand that you do not eat meat, so please let me know what you like to eat.

Ona kwamba hakuna "to me" hata moja. Lakini haina maana "to me" haina kazi, siku ambayo kweli unataka kufafanuliwa kitu kigumu utaihitaji, mfano bima ya mteja: "Could you explain the insurance to me?" Na kile kitu kikiwa kirefu, "to me" inasogea mbele ili sentensi isichoke: "Could you explain to me what the insurance covers if someone gets sick on the mountain?" Hapo ni kawaida kabisa.

Kujua kitenzi kipi kinakataa bila kukariri, fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, Oxford, Longman au Cambridge, zipo bure mtandaoni. Usisome maana peke yake, soma ule mstari wa muundo. Kwenye "explain" utakuta "explain something to somebody", kwenye "give" utakuta na "give somebody something". Pengine watafupisha, "sth" ni kitu na "sb" ni mtu. Ukikuta "sb sth" zimefuatana, mtu kwanza, njia ya pili iko wazi. Ukikuta "sth to sb" peke yake, ujue mlinzi yupo. Na ukijifunza kitenzi kipya kiandike na mkia wake, usiandike "explain" tupu kwenye daftari, andika "explain it to me", ukitamke kama neno moja.

Usilale na presha kuhusu zile imeili ulizokwishatuma. "Explain me" haimzuii mtu kuelewa, mteja alikuelewa ndo maana akaweza kukusahihisha. Kama ni biashara yako tu, haya niliyoandika yanatosha kuanza nayo. Ila kama unajiandaa na IELTS, ambapo sarufi ni robo ya maksi kwenye kuandika na robo kwenye kuongea, au ukijisoma ukaona makosa hayaishii hapo na "to", "for", "of" zote zinakuyumbisha, basi hapo maandishi yangu hayatoshi, tafuta mwalimu ukae naye uso kwa uso. Usimpelekee zoezi la kitabu, mpelekee imeili zako kumi za karibuni jinsi zilivyo, akupigie mstari kila kitenzi kilichofuatwa na me, you, him, her, us au them, halafu mvipitie kimoja kimoja mkiwa na kamusi mezani.